Ripoti ya robo mwaka: kutoka au kubaki na nusu?

"Wakuu, niko Igoma, nafuata trendi kwenye hisa za Marekani. Ripoti ya kampuni ikitoka bei inaruka stopu yangu, ile bei niliyoweka ya kuuzia kukata hasara. Nitoke kabisa au nipunguze nusu?"

Pole ndugu yangu, mi niko hapo Kirumba na hilo limenichapa sana. Ripoti nyingi zinatoka soko likishafungwa, kwetu ni saa tano usiku au sita kutegemea majira ya kule, kesho yake bei inafunguka mbali chini ya stopu yako, na hisa zako zinauzwa hapohapo ilipofungukia.

Chukua akaunti ya dola 5,000, ukanunua hisa 10 kwa 100, stopu 95, yaani umekubali kupoteza 50. Ikifunguka 80 umepoteza 200, mara nne ya ulichopanga! Ukiwa na hisa 5 hasara ni 100, bado mara mbili, kwa hiyo nusu peke yake haikuokoi kama hauna faida ya kukukinga.

Mi nafanya hivi, naangalia ripoti nane zilizopita hiyo hisa iliruka kiasi gani, ikiwa mruko mbaya unaweza kunirudisha chini ya bei niliyonunulia natoka yote kabla soko halijafungwa, lakini kama bei ishafika 140 na mruko mbaya ulikuwa asilimia 15, inashuka 119, hapo nabaki na nusu. Siuzi yote kwa sababu mfumo huu wa kufuata trendi unalishwa na hisa chache zinazopaa sana, na nyingine zinapaa siku hiyohiyo ya ripoti.

Tarehe nayo inahamishwa bana, ihakikishe kwenye tovuti ya kampuni wiki hiyohiyo.