Simu inaongea kwenye gari, muziki unabaki mfukoni

"Nimeunganisha simu na gari kwa Bluetooth. Nikipigiwa nasikia kwenye spika za gari, ila muziki na ramani vinatokea kwenye simu. Nakosea wapi?"

Maongezi na muziki hupita njia mbili tofauti ndani ya Bluetooth hiyo hiyo, na kwako imefunguka moja tu. Kwa Android, ingia Bluetooth, gusa alama ya mipangilio kando ya jina la gari, washa Media audio. Halafu kwenye redio chagua Bluetooth. Ikibaki FM, wimbo utaonekana unacheza kwenye simu lakini hutausikia kwenye gari.

Kuna aliyeshauri ufute muunganisho wa simu na gari kisha uunganishe upya. Amepatia nusu: husaidia, ila futa pande zote mbili, kwenye simu na kwenye redio. Wengi hufuta kwenye simu tu (hata mimi nilihangaika hivyo siku nzima).

Ramani ikiendelea kuongelea kwenye simu, tafuta Play voice over Bluetooth kwenye mipangilio ya Google Maps.

Kama hiyo Media audio haipo kabisa, huenda redio yako ni ya zamani, inapokea simu tu. Hapo jaribu waya wa AUX, kama ina tundu lake.