Kilo Zimeongezeka, Mgawo Umepungua: Kabla ya Kusema Mmeibiwa

Wiki iliyopita dada mmoja msomaji aliniandikia. Yumo kwenye ushirika wa maziwa. Mwaka huu amepeleka lita nyingi kuliko mwaka jana, chama kimetangaza faida kubwa zaidi, lakini mgawo wake umeshuka. "Tumeibiwa?" aliuliza. Niliposoma nikakumbuka mlango wa ghala letu la kahawa.

Mwaka 2003 nilikuwa kidato cha pili, nikiishi kwa bibi kwenye mitelemko ya Kilimanjaro. Bibi hakujua kusoma, lakini stakabadhi za kahawa alizitunza zote, amezikunja na kuzifunga kwenye pindo la khanga, na mimi ndiye niliyemsomea. Siku ya mkutano mkuu wa chama cha msingi nilimsindikiza nikiwa na sare ya shule.

Ugomvi ulianzishwa na mzee mmoja jirani yetu. Mwaka uliotangulia alileta kilo 600, akapata mgawo wa shilingi 120,000. Mwaka ule alileta kilo 720, akapewa 108,000. Aliinua stakabadhi zake juu akasema, "Kahawa imeongezeka, faida imeongezeka, mimi napungukiwa. Nani amekula?" Watu wakasimama. Mhasibu akaanza kueleza, hakusikilizwa.

Nikaomba chaki. Mwenyekiti akaniambia watoto wa shule hukaa kimya wakubwa wanapozungumza. Neno hilo bado linaniuma, sitaficha. Ni yule mzee mwenyewe aliyesema, "Mwache binti aandike."

Kwenye mlango wa ghala niliandika namba za mwaka uliotangulia: kilo za wanachama wote 12,000, ziada ya kugawa shilingi 2,400,000. Kilo 600 ni asilimia 5 ya 12,000, na asilimia 5 ya fedha ile ni 120,000. Chini yake nikaandika za mwaka ule: kilo 18,000, ziada 2,700,000. Kilo 720 ni asilimia 4 tu ya 18,000. Asilimia 4 ya 2,700,000 ni 108,000. Hakuna aliyekula. Yeye aliongeza kahawa kwa asilimia 20, lakini chama kizima kiliongeza kwa asilimia 50, na ziada ikaongezeka kwa asilimia 12.5 tu. Kila kilo ilivuta shilingi 200 mwaka wa kwanza na 150 mwaka wa pili. Mzee alisoma mlango taratibu, akakaa.

Dada, hapo ndipo wengi tunapojikwaa. Tunalinganisha kilo zetu na kilo zetu za jana. Ziada ya ushirika hugawanywa kwa kadiri mwanachama alivyofanya biashara na chama, kwa hiyo kinachokupimia ni sehemu yako ndani ya jumla. Majirani wakiongeza kuliko wewe, sehemu yako inapungua hata kama hujapunguza debe moja.

Lakini sikuishia hapo. Mwalimu wetu wa hesabu alitufundisha kwamba sehemu zote zikijumlishwa lazima zifike 100. Nikaomba orodha ya wanachama 90 na kikokotoo cha mwenye duka, nikajumlisha kilo za kila mmoja, mara mbili. Zilifika 17,640. Ghala lilipokea 18,000. Asilimia 2 haikuwa na mwenyewe, na asilimia 2 ya ziada ni shilingi 54,000.

Kelele zikarudi, safari hii mimi nikitetemeka. Katibu alifungua daftari la mapokezi ukurasa kwa ukurasa. Kilo 360 zilikuwa za mwanachama aliyefariki katikati ya msimu. Jina lake lilifutwa kwenye orodha ya malipo, kahawa yake ikabaki kwenye jumla. Mjane wake alikuwa amekaa nyuma kabisa, hakuwa amesema neno.

Kwa hiyo omba namba tatu: jumla ya lita za wote, ziada inayogawiwa baada ya akiba kutolewa, na lita zako kama zilivyo kwenye stakabadhi, si kama zilivyo kwenye orodha yao. Kisha omba orodha nzima ujumlishe. Msikubali kuambiwa ni siri. Ni mali yenu. Na ujue pia asilimia haitakuonyesha kila kitu. Kama gharama zilivimbishwa kabla ya ziada kupatikana, mgawo utatoka sawasawa na bado mtakuwa mmepunjwa. Hilo litafute kwenye taarifa ya mapato na matumizi, mstari kwa mstari, hasa usafiri na posho.

Mjane alilipwa siku ileile. Alizihesabu noti mbele ya mlango wenye chaki, akazifunga kwenye khanga, akamwambia bibi yangu, "Mwambie mjukuu wako aje kesho anisomee na za mwaka jana."