Bluu inakuja halafu inapotea: kupima vitamini C ya juisi kwa iodini

Wadau, hii nawaandikia hasa nyie mnaofanya prakitiko au projekti za juisi, maana swali ninaloulizwa kila mara ni lile lile, "rangi imekuja bluu nikashangilia, nimeangalia tena imeshapotea, sasa niongeze au niandike?" Mi mwenyewe lilinisumbua mwaka mzima kabla sijaelewa kwamba kupotea kwenyewe kunakueleza kitu.

Kwanza kifupi kazi ilivyo. Iodini ikikutana na vitamini C inageuka iodaidi, haina rangi, na molekuli moja ya iodini inamaliza molekuli moja ya vitamini C. Kwa hiyo unadondosha iodini kutoka kwenye bureti mpaka vitamini C iishe, tone linalofuata linakosa wa kula naye, linashika wanga uliomo kwenye flaski na inatoka bluu. Iodini yangu natengeneza gramu 1.27 kwa lita moja, lakini ukiiweka kwenye maji matupu haiyeyuki, inabidi uanze na gramu kama 5 za potasiamu iodaidi kwenye maji kidogo kabisa, uyeyushe iodini humo taratibu, ndo ujaze maji ya distili mpaka lita. Weka chupa ya rangi ya kahawia yenye kifuniko kizuri kwa sababu iodini inaruka hewani, na ndo maana nguvu ya jana sio ya leo. Wanga gramu 1 kwenye mililita 100 za maji ya moto, upoe kabisa, na utengeneze siku hiyo hiyo, wanga wa wiki iliyopita unatoa zambarau chafu inayokuja kwa uvivu na utahangaika bure.

Kila asubuhi napima nguvu ya iodini kwa vitamini C safi ya unga. Nayeyusha miligramu 250 kwenye mililita 250, nachukua 20 yaani miligramu 20, juzi ilikula mililita 22.9 za iodini. Gawa 20 kwa 22.9 unapata 0.873, basi kila mililita ya iodini siku hiyo ilikuwa sawa na miligramu 0.873 za vitamini C. Na angalia rangi ya hii ya unga ilivyo, inakuja na inakaa, haina longolongo. Kwa hiyo kama kwenye juisi inapotea, ujue tatizo lipo kwenye juisi au kwenye flaski, sio kwenye iodini.

Sasa machungwa. Nilikamua ya Muheza, nikachuja kwa chachi mara mbili, mililita 20 za juisi, maji 30, wanga mililita 1, karatasi nyeupe chini ya flaski. Nikifika karibu na mwisho naacha kukimbia, nadondosha tone tone na kila tone nahesabu sekunde bluu inakaa muda gani huku mkono unazungusha flaski. Kwenye 10.2 ilikaa sekunde 3. Kwenye 10.3 sekunde 8. Kwenye 10.4 ikaruka mpaka 25. Nikaendelea makusudi nione, 10.5 ikakaa sekunde 27, 10.6 ikakaa 30, halafu ikawa inafifia hivyo hivyo kila nikiongeza. Umeona pale iliporuka? Hapo ndo mwisho wenyewe. Kabla ya hapo bluu inapotea chap kwa sababu vitamini C bado ipo na inakula iodini papo hapo, baada ya hapo inafifia polepole kwa sababu vitu vingine vya tunda, hasa zile polifenoli, navyo vinakula iodini ila kwa mwendo wao wa taratibu. Ukisema utaongeza mpaka bluu ikae moja kwa moja unakuwa umeacha kupima vitamini C, unapima tunda zima.

Hesabu yake sasa. 10.4 mara 0.873 ni miligramu 9.08 kwenye mililita 20, yaani kama 45 kwenye mililita 100. Mwanafunzi aliyekuwa pembeni yangu alifukuzia bluu mpaka 13.0, akapata 57. Juisi ile ile, bureti ile ile, tofauti ni uvumilivu uliowekwa mahali pasipostahili. Mi nimejiwekea sheria ya sekunde 20 huku nazungusha, na naitumia hiyo hiyo kwenye unga na kwenye juisi, mzunguko wa kwanza wa haraka kujua mwisho upo wapi, halafu mitatu ya makini ndo naandika.

Kuna kupotea kwingine ambako unaweza kukutibu mwenyewe. Kama hujachuja, nyama nyama za chungwa zinaendelea kuachia vitamini C kidogo kidogo kwenye maji, basi bluu inapotea kila ukitikisa, chuja tena. Na kama flaski ina joto, labda meza ipo dirishani jua la saa saba, bluu ya wanga inafifia kwa joto tu hata kama iodini ipo, poza flaski uone kama inarudi, ikirudi ni joto.

Juisi ya chupa ndo iliniumiza zaidi. Niliwahi kupima juisi ya pasheni ya dukani, mililita 20 ikala 14.6, nikaandika karibu miligramu 64 kwa mililita 100 nikaamini. Baadaye nikasoma lebo vizuri, ina sodiamu metabaisalfaiti ya kuzuia kuharibika. Salfaiti nayo inakula iodini kama vitamini C, na ile iliyojishika na sukari na vitu vingine inaachiwa taratibu, ndo maana bluu ilikuwa inafifia fifia mpaka nachoka. Dawa yake ni asetoni safi ya maabara mililita 2, unaiweka kwenye flaski kabla ya kuanza, unaacha dakika 5, inaifunga salfaiti isiguse iodini. Nilivyorudia ikala 6.1 tu, yaani kama 27 kwa mililita 100. Zaidi ya nusu ya namba yangu ya mwanzo haikuwa vitamini C kabisa, na ile karatasi nilikuwa nimeshampa mtu, ikabidi nimfuate nimwambie.

Ila hapo kwenye asetoni kuna mtego ambao nimeona watu wanauingia. Prosija nyingi zinasema ongeza asidi ya salfyuriki kwenye flaski. Ukiwa na asetoni usiongeze, kwa sababu iodini na asetoni zenyewe zinaungana, na asidi kali ndo inayozisukuma, utaona bluu inapotea kila tone na safari hii umeisababisha mwenyewe kwa dawa. Ukali wa juisi yenyewe unatosha, ni mdogo kiasi kwamba asetoni inakula iodini polepole mno kukusumbua ndani ya sekunde 20. Na pima juisi ikiwa imekamuliwa muda huo huo, maana ikikaa wazi vitamini C inaoksidishwa na hewa, na ile iliyokwisha oksidishwa iodini haiioni, ingawa mwili bado unaweza kuitumia. Kwa hiyo kwenye ripoti mi naandika "vitamini C isiyooksidishwa, kwa iodini, sekunde 20", na kama nimeweka asetoni naandika pia nimeweka kiasi gani.