Mirihi na Zohali katika nyumba ya kumi

"Nyota yangu ya kuchomoza ni Saratani, Mirihi na Zohali wote wako Hamali. Niache ajira nifungue karakana?"

Ndugu, katika unajimu wa Kihindi Hamali ni makao ya Mirihi mwenyewe, na nyumba ya kumi humwongezea nguvu, hivyo dalili ya kujiajiri ni dhahiri. Zohali, msimamizi wa utumishi wa kudumu, hudhoofika Hamali, ingawa kukaa na mwenye nyumba humpunguzia udhaifu huo. Mimi humsoma hapo kama mcheleweshaji wa wateja, si kizuizi. Kabla hujaandika barua ya kuacha kazi, itazame nyumba ya sita, ya utumishi, ambayo kwako ni Kausi: ikiwa mtawala wake, Mshtarii, ana nguvu na kipindi chake kinaendelea, baki kazini, karakana uifungue jioni.