Ofisi iliyosajiliwa, makao makuu na tawi: maswali yenu wiki hii

Karatasi za BRELA zinaonyesha ofisi yetu iliyosajiliwa ni kwa wakili aliyetusajilia, Dar. Sisi tuko Morogoro, na wakili mwenyewe ameshahama. Kuna shida?

Ipo, na ni kubwa kuliko mnavyodhani. Ofisi iliyosajiliwa si lazima iwe na meza zenu wala wafanyakazi wenu, kwa hiyo kutumia ofisi ya wakili si kosa. Kazi yake ni moja: hapo ndipo sheria inapoifikia kampuni. Barua ikiachwa kwenye anwani hiyo, au ikitumwa huko kwa posta, kampuni inahesabika imeipokea.

Chukulia mteja amewafungulia kesi ya madai. Mpeleka samansi anafika Dar tarehe 3 Machi, anaiacha kwenye anwani iliyo kwenye kumbukumbu za BRELA. Siku hizi pale kuna mpangaji mwingine, fundi cherehani. Anaipokea, anaitia kwenye droo. Mna siku 21 za kuwasilisha utetezi wa maandishi, zinazoanzia siku samansi ilipofikishwa, na nyinyi Morogoro hamjui lolote. Machi inakwisha, mdai anaomba kesi isikilizwe upande mmoja. Habari mnaipata siku dalali wa mahakama anapobisha hodi.

Mnaweza kuomba hukumu hiyo itenguliwe, lakini mtatakiwa kueleza kwa nini hamkufika, na mkisema "tulishahama" mtaulizwa mlimwambia nani. Anwani ile mliiandika wenyewe. Ndiyo maana nawasihi msingoje: mabadiliko ya ofisi iliyosajiliwa hutolewa taarifa kwa Msajili ndani ya siku 14, kupitia mfumo wa mtandaoni wa BRELA. Wekeni mahali halisi, yaani mtaa, kiwanja na nyumba, ambapo kuna mtu anayejua barua ya mahakama ikoje na ampigie nani.

Basi makao makuu lazima yawe palepale?

La. Makao makuu ni pale uongozi unapokaa na kuamua, na kampuni inaweza kuyahamisha bila kugusa usajili wake. Kampuni ya mafuta ya Shell ilisajiliwa Uingereza, lakini hadi mwanzoni mwa 2022 makao makuu yake yalikuwa The Hague, Uholanzi, ndipo yakahamia London. Kwa kampuni ndogo vitu hivi viwili huwa chumba kimoja, na hapo ndipo watu wanapozoea kuvichanganya.

Nilinunua mashine ya kusaga kwenye tawi la kampuni moja Mwanza, ikaharibika. Meneja anasema kesi zote hufunguliwa Dar kwa sababu makao makuu yako huko. Ni kweli?

Usikubali haraka. Sheria ya Mwenendo wa Madai inasema kampuni huhesabika inafanya biashara kwenye ofisi yake kuu, lakini kwa dai lililotokea mahali ilipo na ofisi ndogo, inahesabika iko hapo pia. Kama ulinunua Mwanza, ulilipa Mwanza na ulikabidhiwa mashine Mwanza, unaweza kufungua kesi Mwanza. Kabla ya hapo soma risiti na mkataba wako, kwani kuna kampuni zinazoandika humo mahakama ya kwenda.

Jihadhari na jambo moja linaloangusha wengi: usimshtaki "meneja wa tawi" wala "tawi la Mwanza". Tawi si mtu kisheria. Ni mkono wa kampuni. Andika jina kamili la kampuni kama lilivyo BRELA, na samansi iende kwenye ofisi iliyosajiliwa hata kama kesi iko Mwanza.

Nataka kufungua tawi Arusha. Nisajili kampuni nyingine?

Hapana, kama ni tawi tu. TIN inabaki ileile ya kampuni. Kinachohitajika upya ni leseni ya biashara, kwa sababu leseni hutaja mahali; ile ya Dar haifunguliwi duka Arusha. Jitayarishe pia kwa ushuru wa huduma wa halmashauri ya huko kwa mauzo ya tawi hilo, kwa hiyo tunza hesabu zake peke yake tangu siku ya kwanza.

Ukisajili kampuni nyingine inayomilikiwa na hii ya kwanza unapata kampuni tanzu, kitu tofauti kabisa. Benki ya CRDB ina matawi mengi ndani ya Tanzania, lakini Burundi na Kongo imefungua kampuni tanzu, zilizosajiliwa kwa sheria za nchi hizo. Tawi lako la Arusha likishindwa kulipa pango, mwenye nyumba anaidai kampuni yako yote, pamoja na pesa zilizoko Dar. Kampuni tanzu hudaiwa yenyewe kwanza, isipokuwa kama uliweka saini ya udhamini, na wenye nyumba wengi wa Arusha wataidai hiyo saini.