Nilivyopata jina la siagi yangu ya karanga, na majina niliyotupa

Mwaka wa kwanza nilikuwa nauza siagi ya karanga yenye asali kwenye makopo yasiyo na jina, lebo imeandikwa tu "siagi ya karanga na asali" na namba ya simu. Shida ikaja mteja anarudi dukani anasema nipe ile ya juzi, muuzaji anampa ya mtu mwingine maana nazo zimeandikwa hivohivo. Ndo nikakaa chini kutunga jina.

Nilianza kwa kuandika kwenye daftari kila neno linalogusa bidhaa: karanga, asali, saga, paka, mkate, asubuhi. Halafu nikaanza kuyaunganisha. La kwanza nililolipenda mno lilikuwa Kipakamkate, nimeiga kipimajoto, yaani ki + kitenzi + nomino. Nikalitupia kwenye grupu la familia, dada yangu akauliza "hicho kinatumia betri?" Na ana haki jamani, ukianza na ki- halafu kitenzi mtu anawaza kifaa, kitu cha kushika mkononi, hawazi chakula. Alafu kuna wingi: dukani watu watasema vipakamkate viwili, hapo jina limeshabadilika mdomoni na kwenye kopo halionekani. Majina yanayoanza na ki- au m- yana huo mtego. Ukiwa na jina linaloingia kundi la maneno kama karanga na asali, moja ni hilohilo na kumi ni hilohilo.

Nikahamia kwenye kukata maneno na kuyabana. Hapa ndo nilijifunza kitu kutoka kwenye neno tarakilishi, yaani kompyuta, ambalo ni tarakimu na akilishi. Angalia linavyoungana: tarakimu ina "aki" katikati, akilishi inaanza na "aki", basi hiyo "aki" inatumika mara moja tu kwa wote wawili. Neno la kwanza limekatwa mkia, la pili limebaki zima. Na kuna sababu ya kuacha la pili zima, Kiswahili mkazo tunauweka silabi ya pili kutoka mwisho, kwahiyo neno la mwisho likibaki zima linabaki na mkazo wake wa kila siku na sikio linalitambua palepale. La kwanza ndo linapoteza mkazo wake, kwahiyo usilikate hovyo.

Mi nililikata hovyo. Karanga + asali nikapata Karasali. Tamu kutamka, fupi, asali inasikika vizuri kabisa a-SA-li. Lakini "kara" peke yake sio karanga, nikapigia watu watano simu nikawatamkia bila kuwaambia bidhaa ni nini, wawili wakadhani ina karafuu na mmoja akauliza kama ni kitu cha kanisani, amesikia "sali". Nikageuza nikachukua mkia, Rangasali, hapo ikawa rangi ya ukutani.

Utasema mbona Tanzania imekatwa pande zote mbili, Tan ya Tanganyika na Zan ya Zanzibar, na imekaa poa. Ndiyo, ila mwaka 1964 nchi nzima ilikuwa inajua zile nchi mbili zilizoungana. Kopo langu nani analijua?

Mwisho nikaacha kukata. Karanga inaisha na a, asali inaanza na a, zikagawana hiyo moja: Karangasali. Silabi tano, ndefu kidogo, lakini kwa simu wanne kati ya watano waliandika sawasawa, wa tano kaandika Kalangasari maana kwao r na l ni ndugu, huyo nimemsamehe.

Sasa usikimbilie kuprinti lebo. Jina likieleza bidhaa waziwazi ni gumu kulisajili kama alama yako, "Karanga Asali" maneno mawili kila muuzaji ana haki ya kuyasema. Likiungana angalau unakuwa na neno ambalo halikuwepo, ila bado liko karibu na maelezo, kwahiyo omba usajili wa jina pamoja na mchoro wako. Kwa Tanzania bara unaanza kwa kutafuta kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa usajili wa biashara, kama kuna linalofanana, na tafuta kwa sauti pia sio tahajia tu, mi nilitafuta hadi hilo la Kalangasari. Kwenye usajili wa alama bidhaa zimepangwa kwa madaraja, siagi ya karanga inaingia daraja la 29. Zanzibar ni usajili wake tofauti, bara haikulindi kule.

Kingine ambacho sikukiwaza mwanzoni: jina limenifunga. Asali ikipanda bei siwezi kuweka sukari kimyakimya, neno lenyewe liko kwenye kifuniko. Mwaka jana ilipanda ikabidi nipunguze ukubwa wa kopo, wateja wakanuna kidogo, ila dukani bado naskia "nipe Karangasali mbili".