Majina matano, chupa bado hazina lebo

*Shangazi, shikamoo. Mimi na mdogo wangu tunatengeneza pilipili ya kusaga na achari ya embe hapa Morogoro. Wateja tunao, na sasa kuna mwenye duka anataka chupa 60, ila kasema bila lebo hapokei. Tatizo ni jina. Tulifungua grupu la WhatsApp mwezi wa pili, tukapata mazuri matano ndani ya wiki mbili: Ladha Dhahabu, Chungu cha Bibi, Uluguru, Kinu na Mekoni. Tangu hapo tumeongeza mengine hadi yamefika 43, na kila tukikaribia kukubaliana mmoja anakuja usiku na jipya. Lakini yale matano ndiyo tunayarudia, na yote tunayapenda sawasawa. Ni mwezi wa saba sasa. Tuendelee kutafuta au tuchague? Na tukichagua, kwa kigezo gani?*
*— Dada Mkubwa*

Marahaba, mwanangu.

Jibu la swali lako la kwanza umeliandika mwenyewe. Fungua hilo grupu, pandisha juu hadi mwezi wa pili, uangalie tarehe ambazo yale matano yaliingia. Wiki mbili za mwanzo zimezaa matano. Miezi mitano iliyofuata imezaa thelathini na nane, na hakuna hata moja lililoweza kumng'oa mmoja wa wale watano kwenye kiti chake. Kisima hicho kimekauka, mnachota tope. Ningekuwa na shaka kama moja la mwezi wa tano lingekuwa limeingia kwenye orodha na kusukuma jingine nje, hapo ningesema bado kuna maji, chimbeni. Haikutokea. Naamini ukiyatazama vizuri hayo ya usiku utakuta mengi ni yaleyale yamevalishwa nguo nyingine: Chungu cha Mama, Kinu cha Bibi, Ladha ya Uluguru.

Kwa hiyo kutafuta kumeisha tangu mwezi wa tatu. Kilichobaki ni kazi ya aina nyingine, na hiyo haifanyiki kichwani wala kwenye grupu. Mnayaona sawasawa kwa sababu mnayapima kwa kipimo kimoja tu, yaani mnavyojisikia mkiyasoma. Mteja wenu hatalisoma jina kwanza. Atalisikia kwa jirani yake, kisha atalitamka dukani.

Basi fanya hivi kesho. Chukua simu, upige, usiandike ujumbe. Mpigie shangazi yako mmoja, mpigie fundi wako wa nguo, mpigie kijana yeyote wa bodaboda unayemfahamu. Mtajie jina mara moja tu, mwambie aliandike alivyolisikia akutumie. Nakwambia kabla hujapiga: Ladha Dhahabu itarudi ikiwa Laza Zahabu, au Lazha Dahabu, au Radha Zahabu. Hiyo dh iko mara mbili, na wengi wetu tukiwa katika maongezi ya kawaida tunaitamka z bila hata kujua. Siwacheki, hata mimi nikichoka naitamka hivyo. Lakini mtu aliyesikia Laza Zahabu akienda kuwatafuta Instagramu hatawaona, na namba yenu ya oda atakuwa hana. Uluguru nalo litakusumbua kidogo, wapo watakaoandika Uruguru.

Chungu cha Bibi nalipenda sana, nikilisikia nanusa moshi wa kuni. Ila mwanangu, unauza chakula, na neno la kwanza kwenye lebo yako linasomeka chungu. Wewe unaona chombo cha kupikia. Mtu anayepita haraka mbele ya rafu anaona uchungu, na achari ya embe iliyoharibika kweli huwa chungu, kwa hiyo utani wa dukani utakuwa umeshauandika wewe. Halafu ni maneno matatu. Chukua chupa yenu, izungushie karatasi nyeupe upana wa vidole vinne, uandike Chungu cha Bibi kwa kalamu ya wino mzito, uiweke juu ya kabati usogee hatua tano. Kisha andika Kinu kwenye karatasi nyingine ufanye vivyo hivyo. Utaona tofauti kuliko nitakavyoweza kukueleza.

Uluguru lina shida ambayo sikio halitaikuta. Ni jina la milima, na kila mama anayelima pilipili kule juu ana haki ya kusema pilipili yake ni ya Uluguru. Hapa naomba unisikilize vizuri, kwa sababu watu wengi huchanganya vitu viwili. Kusajili jina la biashara BRELA, kule kwa wakala wa serikali wa usajili wa biashara, ni kitu kimoja. Unaingia kwenye mfumo wao wa mtandaoni, ORS, unaombea jina lako, msajili akikuta halifanani mno na lililopo unapata cheti. Cheti hicho kinasema nani yuko nyuma ya biashara hiyo. Hakikupi umiliki wa neno lenyewe kwenye chupa. Anayetaka umiliki huo anasajili alama ya biashara, nayo inaombwa hapohapo BRELA lakini kwa sheria nyingine, ya mwaka 1986, na ukipewa inadumu miaka 7 kabla ya kuihuisha kwa miaka 10 zaidi. Jina la mahali, au neno linalosifia tu bidhaa kama Tamu au Bora, ni gumu kupewa mtu mmoja kama alama, kwa sababu wengine nao wanalihitaji. Leo mnauza chupa 60, hamna haja ya kukimbilia alama ya biashara. Lakini siku mtakapoihitaji msije mkakuta mmejenga jina kwa miaka minne ambalo jirani anaruhusiwa kulibandika kwenye chupa yake.

Hapo yamebaki mawili, Kinu na Mekoni, na haya ndiyo kweli yamelingana. Nimekaa nayo jana jioni nikiyapindua. Kinu ni fupi, linasomeka toka mbali, na pilipili ya kusaga na kinu ni ndugu. Lakini mtu akimwambia muuza duka "nipe kinu kimoja" ataulizwa kama anataka na mchi wake. Mekoni halina mkanganyiko huo, "nipe Mekoni mbili" linateleza vizuri mdomoni, tena linabeba pilipili, achari, na hata siku mkianza kufunga unga wa lishe bado litawatosha. Ila halikuambii kilichomo ndani, ni lazima chini yake uandike "pilipili ya kusaga". Kila moja linapata hapa linapoteza pale. Unaweza ukakaa nayo hadi Krismasi na hutaona kipya.

Watu wengi wakifika hapa husema, basi ngoja tuulize watu zaidi. Usifanye hivyo. Ukiuliza "lipi zuri?" kila mtu anajisikia ana wajibu wa kuwa na maoni, na wawili watakuletea jina la 44. Kama mikono inakuwasha na lazima uulize, uliza kwa kuvizia. Jumatatu umtajie jirani majina yote mawili ukiwa unaongelea mambo mengine. Alhamisi muulize, "hivi nilikwambia pilipili yetu tutaiita nani?" Usimsaidie. Atakalolikumbuka ni kura ya kweli kuliko maoni mia ya kwenye grupu. Fanya kwa watu watano au sita, si zaidi. Likitoka moja wazi, mmemaliza. Wakigawanyika nusu kwa nusu, hiyo nayo ni habari: maana yake mteja hatajali ni lipi, na hasara ya kukosea hapo ni ndogo kuliko hasara ya chupa 60 ambazo hazijapelekwa.

Wakigawanyika, msishindane wewe na mdogo wako. Yapangeni la kwanza na la pili, hata kama ni kwa kura ya vikaratasi kwenye bakuli, kisha nendeni kwenye ORS mkatafute kama la kwanza tayari lina mwenyewe au lina linalofanana nalo sana. Tafuteni pia Instagramu na Feisibuku, na tembeeni madukani mtazame rafu za viungo kwa macho yenu, maana wapo wengi wanaouza bila kusajili. Likiwa safi, ni lenu. Likiwa na mtu, chukueni la pili siku hiyohiyo, bila kikao. Msirudi kwenye grupu.

Kuna jambo moja ambalo ningetaka mlijue kuhusu haraka hii ninayowapa. Jina ni rahisi kubadili sasa, na si rahisi baadaye. Leo mkikosea mmepoteza karatasi chache za lebo. Lakini jina litaingia kwenye cheti cha BRELA, kwenye leseni, kwenye karatasi za TBS mtakapopeleka bidhaa ikaguliwe, na kwenye msimbo pau kama mtataka kuingia supamaketi. Kulibadili baada ya hapo ni kuzunguka ofisi zote hizo upya. Kwa hiyo msichapishe lebo elfu kwa sababu mchapaji kawaambia zikiwa nyingi bei inashuka. Chapisheni za kutosha oda hii na ziada kidogo. Mkiona baada ya miezi miwili watu wanalikosea, bado mko mahali ambapo kugeuka ni rahisi.

Nakwambia haya kwa sababu mimi mwenyewe niliwahi kuuza mkate wa kumimina, miaka hiyo nikiwa na nguvu. Nilikuwa na daftari la majina, mazuri kweli, moja nilikuwa nalikumbuka hadi usingizini. Wakati nachagua, wateja hawakunisubiri. Mkate ukaitwa "ule wa mama mwenye baiskeli mbovu". Nilipokuja kubandika jina langu zuri watu walikuwa wakija dukani wakilipita na kuuliza kama wa mama mwenye baiskeli umeisha. Ulizia hapo mtaani kwenu sasa hivi pilipili yenu inaitwaje. Huenda mnalo la sita na hamjui.

Mdogo wako mwambie lile grupu alifunge leo, msimamizi peke yake ndiye aandike. Simu za kusikilizisha pigeni kesho. Vizia majirani Jumatatu, waulize Alhamisi, Ijumaa asubuhi muwe kwenye ORS, na mchana mwenye duka apigiwe aambiwe chupa zake zinakuja lini. Ukishampelekea, niandikie uniambie ni lipi, na zile za pilipili mnaziuza shilingi ngapi.